Usiagize mzigo kwa kuhesabu laiki

"Wakuu habari. Nauza mapazia na mashuka Insta. Video ya mapazia ya velveti imepata laiki 1,800, ila ya kuonyesha namna ya kupima dirisha ina laiki 70 tu. Nataka niagize mzigo wa velveti. Je, laiki zinatosha kujua watu wamependa nini, au niangalie na komenti, sevu na shea?"

Simamisha hiyo oda. Usitume hata advansi. Kama wakala anakusumbua mwambie unauguza, Mungu atakusamehe.

Mimi nauza vyombo vya jikoni, na hapo ulipo nilishapita na mzigo wangu kichwani. Niliweka video ya seti ya sahani zenye mkanda wa dhahabu, zimepangwa mezani na taa nyuma, muziki wa taratibu. Ikapata laiki 2,140. Wiki hiyohiyo nikaweka video nyingine, mkono wangu tu na kikaango cha chuma kizito cha chapati, nikionyesha kinavyoandaliwa kisishike: unakiosha, unakikausha motoni mpaka maji yaishe kabisa, unapaka mafuta kiduchu kwa kitambaa, unakiacha kitoe moshi, kikipoa unarudia. Laiki 96. Moja ni ya shangazi yangu, nyingine sitashangaa kama ni za majirani.

Nikachukua hela ya kikoba nikaagiza sahani.

Hapo kabla sijaagiza nilimuuliza "mwalimu" wangu wa biashara mtandaoni, yule aliyenitoza elfu hamsini nikae kwenye kundi la WhatsApp na kupewa PDF. Nilimtumia picha ya zile laiki. Akanijibu kwa voisi, eti "soko limeshakujibu mama, piga mzigo". Nikamuuliza na hizi sevu na shea je? Akasema hizo ni za watu wa matangazo makubwa, mimi nikazanie laiki na komenti. Na komenti akanifundisha kuzipata: usiandike bei, andika "bei njoo inbox". Nasikia sasa hivi anafundisha forex. Wanafunzi wake wawahurumie watoto wao.

Mzigo ulipofika wateja walikuwa walewale wa "waooo", "Mungu nijalie", na moto, moto, moto. Kununua hakuna. Nilikuja kuzitoa chini ya bei niliyonunulia kwa kamati ya kichen pati, na zilizobaki tunalia maharage. Kwangu kwa sasa hata mtoto akimwaga uji anaumwaga kidhahabu.

Wakati huo watu wa kikaango wananitafuta mimi sina stoku. Ndiyo nikafungua zile namba vizuri. Na wewe fungua: akaunti yako iwe ya biashara, ingia kwenye posti, bonyeza "View insights", tafuta "Accounts reached", halafu "Saves" na "Shares". Namba yenyewe tupu usiiamini, gawa kwa waliofikiwa. Yangu ilikuwa hivi:

Sahani zilifikia watu 31,000. Sevu 124, shea 62. Maana yake katika kila watu 1,000 walioiona, 4 waliisevu na 2 walimtumia mtu. Kikaango kilifikia watu 4,200 tu. Sevu 189, shea 147. Katika kila 1,000, watu 45 walisevu na 35 walimtumia mtu mwingine. Laiki zenyewe kwa kila 1,000 ni 69 za sahani kwa 23 za kikaango, kwa hiyo ukiangalia laiki sahani zimeshinda mara tatu. Ukiangalia sevu, kikaango kimeshinda mara kumi na zaidi. Hela yangu niliipeleka kwa aliyeshindwa.

Kuna mjanja atakuja hapa kusema video iliyofika mbali lazima namba zake zipungue, kwa sababu imeonwa na wageni wasiokujua. Ni kweli. Ndiyo maana tofauti ndogo siigusi. Sevu 6 kwa 8 ni kelele tu, na posti iliyoonwa na watu 200 haisemi chochote. Pia linganisha video na video, picha na picha, na zote ziwe na umri mmoja, mfano wiki nzima tangu uweke, maana sevu huendelea kuingia taratibu wakati laiki nyingi huja mapema. Na posti uliyoilipia iweke pembeni, hao walioletwa kwa hela hawafanani na waliokuja wenyewe. Lakini wageni hawawezi kuchukua sevu 45 wakazifanya 4. Hapo kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Laiki mtu anabonyeza huku anapita, kidole hakisimami. Anapenda picha, taa, meza, pengine anakupenda wewe. Akisevu maana yake anajiambia nitarudi, nina kazi na hiki kitu. Akimtumia mtu ameshamfikiria mtu fulani kwa jina, dada yake au mume wake, na ameweka heshima yake mbele kidogo, maana ukimtumia mtu upuuzi anakuuliza "hii ya nini sasa?" Adam Mosseri, bosi wa Instagram, mwaka 2025 alitaja vitu vitatu wanavyovitazama sana katika kusambaza posti: muda ambao watu wanaitazama, laiki kwa waliofikiwa na waliotumiana kwa waliofikiwa. Akasema huko kutumiana ndiko kunakosaidia zaidi posti kuwafikia wasiokufuata. Ila yeye anaongelea kusambaza. Kuuza ni shauri lako wewe na stoo yako.

Sasa usije ukatoka hapa ukaanza kuabudu sevu. Sevu zina ndoto nyingi ndani. Mtu anasevu sebule yenye ngazi ya kioo na yeye anakaa chumba kimoja cha kupanga, hana ubaya, anaota. Na shea zina umbea: video yangu iliyowahi kutumwa kuliko zote ni ile sufuria ilipodondoka ikanipiga mguuni. Shea kibao, sevu hakuna kitu, komenti zote vicheko. Hapo watu walithamini kilio changu, sufuria haikuwahusu. Kwa hiyo shea nyingi bila sevu, nenda kasome wanacheka nini. Sevu nyingi bila shea, jiulize kama ni ndoto au ni kitu cha siri. Wauza dawa za chunusi na mafuta ya michirizi watakwambia, watu wanasevu kimyakimya na hakuna anayekomenti wala kumtumia mwenzake, nani anataka kujulikana? Zikiwa juu zote mbili pamoja, ndiyo unaanza kunyoosha mkono kwenye pochi, tena polepole.

Na komenti, ambazo ndizo zilizonimaliza. Sahani zilikuwa na komenti 412, nikavimba kichwa. Siku moja nikakaa nikazisoma moja moja na kalamu. Kwanza majibu yangu mwenyewe yanahesabiwa: "njoo inbox dear", "njoo inbox mpendwa", yalikuwa zaidi ya 150, yaani theluthi ya shangwe nilikuwa najishangilia mwenyewe. Karibu 160 ni "bei?", na hizo nilizitengeneza mimi kwa kuficha bei kama nilivyofundishwa. Ningeandika bei chini ya video, zote hizo zingepotea, na waliobaki ndio wateja. Zilizosalia ni moto, makopakopa, na jamaa wa mikopo ya haraka. Maswali ya mtu mwenye nia, "ina vipande vingapi", "mnatuma Dodoma?", yalikuwa 9. Tisa, katika watu 31,000.

Kikaango kilikuwa na komenti 38, na 21 ni maswali ya mtu aliyeshika unga: kinafaa jiko la umeme? Cha sentimita 28 kipo? Changu kinashika katikati tu, nakosea wapi? Mtu akikuuliza saizi ameshaondoka kwenye kupenda, yuko jikoni kwake anapima.

Kuna kitu kingine Insta hawakupi. Watu wetu hawashei kwa kile kimshale peke yake. Wanapiga picha ya skrini wanapeleka kwenye kundi la familia, au wanaipakua video wanaiweka statasi WhatsApp, na hiyo haionekani kwenye "Shares" zako hata kidogo. Mimi niligundua kwa picha alizokuwa ananitumia mteja akiulizia. Kikaango changu kinanijia kimekatwa pembeni, juu kuna chaji asilimia 6 na jina la statasi ya mtu nisiyemjua kabisa, chini mteja ameandika "dada hiki kipo?" Picha za namna hiyo nilikuwa nazipata za kikaango tu. Ya sahani sikuwahi kuletewa hata moja. Kwa hiyo siku hizi kila anayeniandikia namuuliza umeniona wapi, na picha za skrini nazihifadhi kwenye folda yake. Hiyo folda naiamini kuliko kijana yeyote mwenye PDF.

Sasa rudi kwako. Hiyo video ya kupima dirisha unayoidharau. Hebu fikiria nani anakaa kuangalia namna ya kupima dirisha mpaka mwisho. Ni mtu mwenye dirisha na futi mkononi. Nina wasiwasi mkubwa sevu zake zinaizidi velveti, ila sitaki kubahatisha kwa hela yako, nilishabahatisha kwa ya kikoba. Kama ni kweli, usikimbilie kuagiza kitambaa kingine pia. Weka video nyingine mbili tatu za vipimo, kila moja ukitumia kitambaa tofauti cha stoku uliyonayo, bei iandikwe wazi, uone ni kipi kinasevuliwa na kuulizwa mita. Velveti nayo ijaribu hivyohivyo, ukiipima dirishani, bila muziki wa harusi. Ikiendelea kupata laiki tu, chukua roli moja ya kupambia picha, siyo kontena.

Sharti langu ni moja na silibadilishi: laiki haingii kwenye hesabu ya mzigo. Haipunguzi, haiongezi, haikai hata kwenye karatasi. Karatasi yangu ina waliofikiwa, sevu, shea, maswali yenye saizi au mkoa, na picha za skrini. Basi.

Leta hapa waliofikiwa, sevu na shea za hizo video mbili, na unitolee majibu yako mwenyewe kwenye komenti kabla ya kuhesabu. Bei uliiandika, au na wewe uliambiwa inbox?