Seva ya sauti ya watu 20: kinachobana ni kasi ya kupakia

> "Wakuu, tuko kama 20 na tunataka kuendesha seva yetu ya Mumble kwenye kompyuta iliyopo nyumbani. Nifungue poti zipi, na intaneti ya kasi gani inatosha?"

Mkuu, poti ni moja tu, 64738, ila inafunguliwa mara mbili: TCP na UDP. TCP inabeba kuingia, vyumba na ujumbe wa maandishi. Sauti inapita UDP. Mimi mara ya kwanza nilifungua TCP peke yake. Watu wakaingia, wakaonana, wakasikilizana, nikajua kazi imeisha. Kumbe Mumble ikikosa UDP haigomi, inaipitisha sauti humo humo ndani ya TCP, na hapo pakiti moja ikipotea zote zilizo nyuma yake zinaisubiri. Mtu anaongea, kimya kidogo, halafu maneno yanamwagika kwa mpigo. Angalia kwenye dirisha la matukio la programu kama kuna mstari unaoishia na `Switching to TCP mode`. Wakiupata wote, poti yako haijafunguka. Akiupata mmoja, ni mtandao wake unaozuia UDP.

```
sudo ufw allow 64738/tcp
sudo ufw allow 64738/udp
```

Kwenye ruta nako elekeza zote mbili kwenda anwani ya ndani ya seva, na anwani hiyo uifunge isibadilike. Lakini kabla hujahangaika, linganisha anwani ya WAN inayoonyeshwa na ruta na ile inayoonekana na tovuti za nje. Zikitofautiana, huenda mtoa huduma wako anawagawia wateja wengi anwani moja, na kuelekeza poti hakutakusaidia mpaka akupe anwani yako mwenyewe.

Sasa kasi, na hapa ndipo nilipoteseka. Seva ya Mumble haichanganyi sauti za wasemaji kuwa moja. Inachukua sauti ya kila anayeongea na kutuma nakala kwa kila anayesikiliza. Kwa hiyo ile kasi kubwa ya kupakua iliyoandikwa kwenye kifurushi haikuhusu sana. Pima kasi ya kupakia.

Kodeki ni Opus. Programu ikiachwa ilivyo inatuma kilobiti 40 kwa sekunde za sauti, katika pakiti za milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde. Kila pakiti inabeba vichwa vyake vya IP, UDP na usimbaji fiche, na hivyo vinaongeza kama kilobiti 15. Msemaji mmoja basi ni kilobiti 55.

Chumba chetu kilikuwa na watu 21. Akiongea mmoja, wasikilizaji ni 20: mara 55 ni kilobiti 1,100, au megabiti 1.1. Laini yangu ilikuwa inapakia megabiti 3, kwa hiyo nilikuwa na amani. Ila wakiongea watatu kwa pamoja inakuwa megabiti 3.3, na pale pale sauti zinakatika kwa wote. Jambo lililonichanganya ni kwamba ilikatika hata wakati anaongea mtu mmoja. Nikatazama orodha ya majina: alama za midomo za watu wawili wengine zilikuwa zinawaka muda wote, yaani nao walikuwa wanatuma sauti. Mmoja alikuwa na feni karibu na maikrofoni, mwingine spika zake zilikuwa zinarudisha sauti ya chumba. Kwa seva, feni ni msemaji kamili. Nikawaomba wote wahamie kubonyeza kitufe ndipo waongee.

Kisha nikaweka kikomo kwenye `mumble-server.ini` na kuwasha seva upya:

```
bandwidth=40000
users=30
```

Namba hiyo ni biti kwa sekunde kwa kila msemaji, na vichwa vya pakiti vimo ndani yake. Programu ya kila mtu inajishusha yenyewe: ukitoa zile 15 za vichwa, Opus inabakiwa na kama 25. Kwa maongezi inatosha kabisa. Sikio langu halikutofautisha, ingawa muziki ulipungua utamu. Wasemaji watatu sasa wanakula megabiti 2.4. Usiache `bandwidth` na thamani inayokuja nayo, kwani matoleo mapya yanaruhusu 558000, na mtu mmoja akivuta ubora wake mpaka juu anaweza kukumalizia laini.

Unaweza pia kurefusha pakiti ziwe za milisekunde 40 au 60 upande wa watumiaji. Vichwa vinapungua, ila ucheleweshaji unaongezeka na pakiti ikipotea inaondoka na kipande kirefu cha neno. Mimi nimebaki na 20.

Ikikatika tena, uliza nani anasikia hivyo. Wote wakisikia kila msemaji anakatika, ni upakiaji wa seva. Wote wakisikia msemaji mmoja tu anakatika, ni laini yake yeye. Mmoja akisikia kila mtu anakatika, ni upakuaji wake, na seva yako usiiguse.