Noti Moja ya 200: Kwa Mnaoanza Kuandika Vichekesho vya Matatu

Vijana wapya wa kundi letu wameleta skripti zao za matatu, na kila gari limejaa abiria walewale: Mgiriama mshamba aliyebeba kuku, mtu wa bara anayehesabu senti, Mswahili anayesinzia tangu Ferry mpaka Mtwapa, na makanga mwenye macho mekundu. Wanangu, nawapenda, lakini mwaka jana wenzenu walileta gari hilohilo. Basi someni haya kabla ya kuketi tena na kalamu.

1. Anza na kikwazo, abiria watakuja wenyewe.

Mmoja wenu aliandika mzee wa Kigiriama anayepanda matatu steji ya Buxton na kudhani spika ya gari ina mtu ndani. Tulipoisoma mezani, sentensi ya kwanza ilichekwa. Sehemu ya mzee alipewa mwenzetu ambaye kwao ni Kaloleni. Aliisoma kwa sauti tambarare, bila kuongeza wala kupunguza, na kufikia ukurasa wa pili hakuna aliyecheka tena. Mwandishi aliniambia baadaye kwamba tatizo lilikuwa usomaji. Sivyo. Chukua skripti ile uitazame: mzee anashangaa spika, kisha anashangaa mkanda wa kiti, kisha anashangaa kioo. Ni kichekesho kimoja kilichorudiwa mara tatu, kwa sababu mzee hakupewa jambo analolitaka. Haendi popote, hana haraka, hana deni. Mtu asiyetaka kitu hawezi kuzuiwa, na asipozuiwa hakuna kisa. Mwenzetu naye alikaa pale akisoma maneno ambayo babake angeweza kuambiwa steji, huku sisi tukiwa tumeshacheka mara moja. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Jaribio lake ni jepesi. Badilisha kabila, lafudhi na mavazi ya kila mhusika, kisha soma tena. Kichekesho kikifa, ujue kilikuwa kinaishi kwa dharau.

2. Chenji.

Hapa ndipo ningependa mkae. Kila anayepanda matatu Mombasa asubuhi ameshawahi "kuozeshwa" na makanga: mnapewa noti moja watu wawili na kuambiwa mtagawana mkishuka. Hakuna mbaya hapo. Makanga ameanza kazi alfajiri, sarafu hana, na kila abiria anamnyoshea noti kubwa. Tuiandike, nauli iwe 50 kwa kila aliyepanda Buxton, popote anaposhuka.

Mama anakwenda Kongowea kuchukua nyanya kwa jumla. Akichelewa, kreti nzuri zimeondoka. Ametoa 200, anadai 150. Kijana anakwenda kazini Bombolulu, ametoa 100, anadai 50. Madeni yote mawili kwa jumla ni 200 kamili. Ile 100 ya kijana imeshakwenda chenji kwa abiria wa nyuma, na makanga amebaki na noti moja ya 200. "Mama na kaka hapa, mtaelewana." Kwa hesabu yuko sawa kabisa. Kosa ni kwamba Kongowea inafika kwanza.

Gari linasimama Kongowea. Mama hawezi kushuka na noti, kijana hawezi kushuka na mama. Sasa mwandishi mvivu huwatukanisha. Usifanye hivyo. Waache wawe na adabu, maana adabu ndiyo itakayolichelewesha gari:

"Mwanangu, chukua wewe tu."
"Hapana mama, yako ndiyo nyingi."

Anaingilia abiria wa tatu, anayekwenda Mtwapa na hajalipa bado. Ana 150 taslimu. Anampa mama zile 150, anachukua noti ya 200, mama anashuka mbio. Gari zima linashukuru. Sasa yeye ndiye anayedaiwa 50 na kijana. Makanga anageuka: "Mzee wangu, nauli." Mzee hana kingine mfukoni ila ile noti. Anaitoa. Makanga anakata 50, na anabaki akidaiwa 150: 100 ni za mzee, 50 ni za kijana. Mkononi ameshika nini? Noti ileile ya 200 aliyoanza nayo Buxton. Na Bombolulu inaonekana.

Pigeni hesabu hiyo kwa noti halisi mezani kabla ya kuandika mazungumzo. Watazamaji wa hapa wanaijua chenji kuliko sisi. Ukikosea shilingi kumi tu, wataacha kusikiliza na kuanza kuhesabu.

Tazameni kilichotokea. Kila mtu ametoa suluhisho la busara, na kila suluhisho limelihamisha fundo kwa mwingine. Mzee yule anaweza kuwa Mgiriama, Mkamba au Mbajuni. Anaweza hata kubeba kuku, mradi kuku awe na kazi katika kisa. Kicheko kinatoka kwenye noti.

3. Funga mlango wa M-Pesa mapema.

Mtazamaji ataanza kujiuliza mbona hawatumiani kwa simu. Usiombe asahau. Mpe jibu ndani ya mchezo: makanga anajitolea kumtumia kijana 50, kijana anataja namba yake kwa sauti huku gari likiruka matuta, jina linalotokea kwenye simu si lake, na abiria wa nyuma anasema, "Huyo ni shemeji yangu!" Mara moja tu, kisha simu irudi mfukoni. Mkiirudia, mtakuwa mmeandika mchezo mwingine.

4. Mwisho.

Nyingi ya skripti zenu zinamalizika kwa askari wa trafiki kusimamisha gari. Askari akitokea ukurasa wa mwisho bila kutajwa kabla, ametumwa na mwandishi aliyechoka. Mwisho utoke kwenye chenji yenyewe. Pale Bombolulu, kijana ana mguu mmoja kwenye ngazi, anapanda dada mwenye noti ya 50. Gari zima linapiga makofi. Makanga anaipokea, anampa kijana, kijana anaruka na kupotea kwenye umati. Mlango unafungwa. Dada anasema kwa upole: "Kaka, mimi nashuka hapo mbele tu. Si ni 30?"

Taa zizimwe hapo hapo. Msiongeze neno.

5. Mengineyo.

Viti sita vinatosha jukwaani, si kumi na vinne. Kile cha mlangoni kiwe cha kukunja, kwa sababu anayekikalia lazima ainuke kila mtu wa nyuma anaposhuka; mpeni huyo mtu asiye na maneno, mwenye mfuko mapajani, na mtaona watu wanamngojea yeye kuliko wanaosema. Makanga apige bodi kwa kiganja, msiweke sauti ya kurekodi. Lafudhi ya pwani iandikwe kwa maneno, "wanipa noti hii nami sina chenji," wala mwigizaji asiambiwe aivute kuliko anavyoongea nyumbani.

Skripti ya noti hii isizidi kurasa tano. Aliyeandika ya spika, nataka yako Jumamosi, na mzee wako awe ndiye mwenye zile 150. Tutamwomba mwenzetu wa Kaloleni aisome tena, akikubali.