-ngu ya "mwanangu": kiambishi, klitiki au neno?

"Wadau, ile -ngu ya 'mwanangu' ni kiambishi, ni klitiki, au ni 'wangu' iliyofupishwa tu? Napimaje?"

Ni kiambishi, ila mkazo pekee usikudanganye. Ni kweli kwamba mkazo husogea: mwána, lakini mwanángu, daima silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo linathibitisha kwamba -ngu si neno huru. Ila klitiki (wengine huiita kiangami), yaani kipande kisichosimama peke yake bali huegemea neno jirani, nayo huweza kuhamisha mkazo wa neno inaloliegemea, kwa hiyo kipimo hiki hakitenganishi hizo mbili. Wengi huishia hapo na kukosea.

Kinachotenganisha ni uchaguzi. Klitiki haijali sana imeegemea neno la aina gani. Tazama -que ya Kilatini, yenye maana ya "na": hudandia neno la kwanza la kipande cha pili, liwe nomino, kitenzi au kivumishi. Sasa ijaribu -ngu. Mwanangu, mamangu, mwenzangu: sawa. Kitabungu, mwalimungu: hakuna. Inachagua nomino za udugu na uhusiano, na hata humo haizimalizi.

Chora jedwali: mstari mmoja kwa kila nomino, safu tatu za nafsi za umoja. Jaza kwa maneno yanayosemwa kweli, si yale unayoona yangefaa. Kwenye "mke" utapata mkeo na mkewe, lakini ukifika nafsi ya kwanza, "mkengu" haipo. Itabidi useme mke wangu. Vivyo hivyo mumeo, mumewe, kisha mume wangu. Pengo kama hilo halielezwi na sauti wala maana, na ni alama kubwa ya kiambishi. Angalia pia umbo: mamake, ila mkewe. Nafsi ileile, maumbo mawili, na nomino ndiyo inayoamua. Ingekuwa "wake" iliyofupishwa tu kwa matamshi ya haraka, tungetarajia njia moja kwa zote.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha upeo. Sema "kaka na dada zangu": "zangu" inawamiliki wote wawili. Sasa sema "kaka na dadangu": dada ni wangu, kaka hajulikani ni wa nani. -ngu imefungwa ndani ya neno lake na haivuki "na". Kwa upande wake, "wangu" husimama peke yake hata kama jibu: "Mtoto huyu wa nani?" "Wangu." Huwezi kujibu "Ngu."

Angalizo moja: usichanganye data za mazungumzo na za ushairi. Katika tenzi utakuta jinale na moyowe, nomino zisizo za udugu kabisa, na ukizimwaga kwenye jedwali moja na mkewe, mapengo uliyokuwa ukiyatafuta yatazibika na matokeo yataonekana ya klitiki. Fanya jedwali mbili.