Magunia manne ya maharage: dalali au Kigoma mjini?

"Wakuu, nipo Buhigwe na magunia manne ya maharage, kilo mia mia. Dalali anatoa 1,600 kwa kilo, mjini nasikia ni 2,000. Nimpe au nipeleke mwenyewe?"

Mkuu, nauza maharage kwa wenye maduka ya nafaka Kigoma mjini. Ninachofanya kwanza ni kutenga gharama zinazofuata gunia na zile zinazomfuata mwenye mzigo.

Dalali atakupa 640,000. Ukipeleka mjini, lazima uchambue mawe na punje mbovu, kwa hiyo kilo 400 weka zibaki 390, yaani 780,000. Tofauti ni 140,000. Sasa toa gunia jipya, bodaboda hadi barabara ya Manyovu, nauli ya mzigo kwenye Fuso, kupakia na kushusha. Nikikadiria 11,500 kwa gunia, inakuwa 46,000. Halafu wewe mwenyewe: nauli kwenda na kurudi, chakula, gesti usiku mmoja, na siku mbili hukushika jembe. Siku hizo zihesabu kwa ujira unaomlipa kibarua, maana shamba litamhitaji mtu mwingine. Tuseme 50,000. Mkononi zinabaki 44,000.

Hiyo 50,000 haipungui hata ukipeleka gunia moja. Kila gunia likishalipiwa gharama zake linaacha 23,500, kwa hiyo gunia moja ni hasara, mawili bado hayajafika, la tatu ndipo unaanza kuona kitu. Ndiyo maana sisi tunakusanya na majirani, anakwenda mmoja, na gharama zake tunagawana kwa gunia. Kila gunia linapimwa na kuandikwa jina na kilo mbele ya wote kabla ya kupakia. Msipofanya hivyo, pesa ikirudi mtagombana.

Bei kubaliana kwa simu kabla mzigo haujatoka, na ikiwezekana tanguliza kilo moja mnunuzi aione. Kwa magunia manne, akishusha hadi 1,900 umebaki na 5,000 tu. Naye anajua ukishashusha mzigo hutarudi nao. Mkopo ni mbaya zaidi: safari moja ya kufuata deni inakula karibu faida yote. Mimi simwachii mzigo mtu anayesema "nitakutumia Ijumaa", hata akiongeza bei.

Lakini kuna kitu hujasema: huyo dalali anapima kwa mizani au kwa debe? Debe la lita 20 la maharage yaliyosawazishwa ni kama kilo 16. Likiwekwa kilemba linaweza kufika 18, naye analipa 16. Hapo 1,600 yake ni kama 1,420, na hesabu yote niliyokuandikia inaegemea mjini kwa 70,000 zaidi. Azima mizani, pima debe lake likiwa na kilemba, kisha urudie hesabu kwa bei za kwenu.