Kinachonasa ni uzao, si gesi: kwa anayeanza kupima radoni majumbani

Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras aliwasha king'ora cha mionzi katika kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania. Alikuwa akiingia kazini, si akitoka, na kinu chenyewe kilikuwa bado hakijazalisha umeme. Mionzi ilitoka nyumbani kwake, kulikojaa radoni, gesi yenye mionzi, na ilikuja ndani ya nguo zake. Sasa jiulize: gesi inashikaje kwenye shati? Haishiki. Radoni haiungani na kitu. Ukitoka nje unaiacha nyuma. Kilichomfuata Watras ni uzao wa radoni: atomu zinazozaliwa gesi hiyo ikioza.

Radoni-222 hutoka ardhini na kupenya kwenye nyufa za sakafu. Nusu-maisha yake, muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni siku 3.8. Ikioza inakuwa poloni-218 (dakika 3), kisha risasi-214 (dakika 27), kisha bismuthi-214 (dakika 20), kisha poloni-214, ambayo haimalizi hata sekunde moja. Mnyororo hutua kwenye risasi-210, yenye nusu-maisha ya miaka 22, na hapo kwa shughuli yetu tunasimama. Wote hawa ni metali. Atomu changa ya poloni-218 mara nyingi huzaliwa na chaji chanya, ikielea peke yake, na ndani ya muda mfupi hudaka chembe ya vumbi au moshi, ama hugota ukutani.

Hili unaweza kuliona mwenyewe. Vuta hewa ya chumba kilichofungwa kwa pampu, kupitia kichujio cha nyuzi za kioo, kwa dakika 10. Weka kichujio chini ya kaunta ya mionzi papo hapo, uhesabu dakika moja kila baada ya dakika tano. Hesabu itashuka, na baada ya muda itakuwa inapungua kwa nusu kila dakika 30 hadi 40 hivi. Wanaoanza huandika daftarini “radoni kwenye kichujio”. Si kweli: radoni ilipita kwenye kichujio kama maji kwenye wavu, na ingekuwa ndiyo iliyobaki, hesabu ingechukua siku karibu nne kufika nusu. Ukirudi baada ya saa nne au tano ukakuta bado kuna kitu cha maana, shuku toroni, aina nyingine ya radoni: risasi-212 yake ina nusu-maisha ya saa 10.6.

Mapafu nayo ni kichujio. Radoni unayoivuta unaitoa kwa pumzi inayofuata. Katika sekunde tatu za kukaa ndani, ni atomu kama sita tu katika kila milioni zinazooza. Uzao hautoki hivyo. Unatua kwenye ute wa njia za hewa, na ute huo huchukua saa nyingi kusukumwa juu hadi kooni, ilhali mnyororo mzima hadi poloni-214 umeshamalizika kwa kiasi kikubwa ndani ya saa moja au mbili. Kwa hiyo chembe za alfa, mionzi inayotemwa na poloni hizo mbili zikioza, hutolewa palepale uzao ulipotua. Alfa hiyo hupenya nyama kwa sehemu ya kumi ya milimita kasoro. Haivuki ngozi iliyokufa ya mkono, lakini seli za ukuta wa njia ya hewa ziko ndani ya umbali huo.

Tufanye hesabu ya chumba chenye bekereli 100 za radoni, yaani atomu 100 zinazooza kila sekunde, kwa mita ya ujazo. Sehemu ya uzao hugota kutani, nyingine hutoka na hewa, kwa hiyo majumbani tunachukua kigezo cha msawazo cha 0.4: uzao ni sawa na bekereli 40. Mtu akikaa ndani saa 7,000 kwa mwaka, kwa dozi ya nanosiveti 9 kwa kila bekereli-saa, anapata milisiveti 2.5 hivi. Gesi yenyewe, kwa nanosiveti 0.17, inampa 0.12. Karibu asilimia tano ya dozi yote.

Hapa ndipo wengi huteleza: kama shida ni uzao, si tununue mashine ya kuchuja hewa? Mashine hupunguza uzao kweli, lakini huondoa pia vumbi la kudandia. Poloni-218 inayozaliwa baadaye hubaki uchi, na atomu uchi hutua kwenye njia za hewa kwa urahisi zaidi kuliko iliyopanda vumbi. Dozi haishuki kama namba ya uzao inavyoshuka, na gesi inaendelea kuingia vilevile. Kwa sababu hiyo pia tunapima gesi, japo si yenyewe inayoumiza: uzao hubadilika kwa feni, moshi wa jikoni na dirisha kufunguliwa, gesi hutulia zaidi. Kidaka alfa huwekwa ndani ya kikopo chenye kizuizi kinachopitisha gesi pekee, kwa miezi mitatu au zaidi. Ikionekana iko juu, bomba la kunyonya hewa chini ya sakafu, lenye feni inayotema juu ya paa, huizuia radoni kabla haijazaa ndani ya nyumba.