Barua pepe ya kwanza kwa mnunuzi wa Vietnam: jina, salamu na saa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za korosho hapa Mtwara na Lindi, iwe ni chama kikuu, kampuni ya ghala au ofisi ya wakala wa usafirishaji, mapema tu mtaambiwa, "Mwandikie yule mnunuzi wa Vietnam, mpange siku ya kuzungumza." Sehemu kubwa ya korosho yetu ghafi huenda kubanguliwa Vietnam na India, na msimu ukishafunguliwa Oktoba hakuna mtu mwenye nafasi ya kukaa na wewe akuoneshe namna. Nitaeleza barua moja tu: ile ya kwanza kabisa, ya kuomba muda wa mazungumzo, kwa mtu wa Vietnam ambaye hamjawahi kuonana.

Kijana anayetoka chuoni huja na mazoea ya aina mbili. Wa kwanza ameshika barua ya kiserikali, hivyo anachukua "Yah:" na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", anaitia Kiingereza, kisha anamalizia kwa "Naomba kuwasilisha". Wa pili amezoea meseji za simu, anaanza na "Hi" bila jina na kuuliza kama wanaweza kuongea kesho. Barua ya kwanza inamchosha msomaji kabla hajajua anaombwa nini. Ya pili inamfanya ajiulize kama unajua unazungumza na nani. Mtu wa Vietnam, kama mtu wa kwetu, anaangalia umri na cheo kabla ya kuanza maongezi, na dalili ya kwanza anayoipata kwako ni jinsi ulivyoandika jina lake.

Hilo jina ndilo linalowasumbua wengi. Kivietnam hutanguliza jina la ukoo, hufuata la kati, na jina la mtu mwenyewe huja mwisho. Tuchukue jina la mfano, Nguyen Thi Lan. Nguyen ni ukoo, Thi ni jina la kati, na Lan ndiye yeye. Kwa heshima anaitwa kwa cheo na jina lake mwenyewe, yaani Ms. Lan, kama sisi tunavyosema Mzee Hamisi au Mwalimu Zainabu bila mtu kuona amevunjiwa heshima. Aliyezoea kuwaandikia Wazungu ataandika Ms. Nguyen. Hatagombana naye mtu kwa hilo, lakini Nguyen ni ukoo wenye watu wengi mno, na ofisi moja inaweza kuwa na akina Nguyen kadhaa. Niliwahi kuona barua ya namna hiyo ikitumwa kwenye anwani ya jumla ya kampuni, ikapelekwa kwa Nguyen wa uhasibu badala ya yule wa ununuzi, na jibu likachelewa hadi bei ya mnada ikawa imeshabadilika.

Kuna tatizo jingine dogo. Baadhi ya Wavietnam wanaofanya kazi na wageni hugeuza jina wenyewe na kutia saini "Lan Nguyen", ili wageni wasihangaike. Utajuaje? Nguyen, Tran, Le, Pham na Hoang ni koo zinazokutana mara kwa mara. Ukiliona mojawapo mwanzoni, jina lake liko mwisho. Ukiliona mwishoni tu, mara nyingi amegeuza, na jina lake liko mbele. Kama hakuna hata moja unalolitambua, tafuta hati iliyotangulia, kama mkataba wa msimu uliopita au ankara, uone ameandikwaje pale na jinsi wenzake walivyomtaja.

Kuhusu jinsia, usibahatishe. Thi katikati ya jina ni alama ya mwanamke, na Van katikati mara nyingi ni mwanamume, lakini watu wengi hawana yoyote kati ya hayo, na majina mengi ya Kivietnam hutumiwa na wote. Mnunuzi akiwa na wakala hapa Mtwara, mpigie simu umuulize. Ni dakika mbili tu. Ukikosa wa kumuuliza, andika jina lake lote bila Mr. wala Ms. Hiyo inapokelewa vizuri kuliko kumwita mama wa watu Bwana, na ni bora mara kumi kuliko "Dear Sir/Madam", ambayo inamwambia kwamba hukujishughulisha hata kumtafuta. Kama unawaandikia wawili, wa cheo cha juu atangulie kwenye salamu na kwenye mstari wa anwani. Mkuu wako naye awekwe kwenye nakala, hasa kama unayemwandikia ni meneja na wewe ndiyo kwanza umeajiriwa.

Baada ya jina inakuja salamu, na hapa tabia yetu ya pwani inatusaidia, ila ipimwe. Sentensi moja ya kumtakia afya na kazi njema inatosha na inapendeza. Usimuulize habari za nyumbani, watoto na wazazi kwa barua ya kwanza, wala usianze na "Asalaam aleykum" kwa sababu tu ndiyo salamu ya ofisi yenu. Sentensi inayofuata ijibu maswali mawili aliyonayo kichwani: wewe ni nani, na jina lake umelipata wapi. Kama ni meneja wako aliyekutana naye kwenye mnada, sema hivyo. Kama ni wakala, mtaje. Mtu wa Vietnam anamwamini zaidi mgeni aliyeletwa na mtu anayemfahamu, hivyo sentensi hiyo usiiache hata kama barua ni fupi. Kisha nenda kwenye ombi.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo barua yenye adabu zote huharibika. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri: saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye kalenda ya kompyuta. Anayeanza kazi akiwa na haraka huandika 4:00, na mgeni anaisoma kama saa kumi alfajiri ya Mtwara au anadhani ni saa ya kwake. Andika muda kwa mfumo wa saa 24, uuandike kwa miji yote miwili, na mji wake utangulie wako. Vietnam wako GMT+7, sisi GMT+3, kwa hiyo wametutangulia kwa saa nne mwaka mzima. Hawabadilishi saa na sisi hatubadilishi.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Sisi tunapofungua ofisi 8:00, kule ni 12:00, na wao huheshimu sana mapumziko ya mchana. Wengi hula na kulala kidogo hadi kama 13:30. Ukimwomba mtu azungumze nawe 8:30 ya Mtwara, unamwomba avunje mapumziko yake. Kwa upande wa pili, 13:00 ya huku ni 17:00 ya kule, wanafunga. Dirisha lenu la pamoja basi ni kuanzia 10:00 hadi 13:00 ya Mtwara, saa tatu tu kwa siku. Ijumaa litoe, kwa sababu kuelekea mchana watu wako watakuwa wanajiandaa kwa swala na mazungumzo yatakatizwa. Angalia pia Tet, mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari na kufunga ofisi kwa siku kadhaa. Mwaka 2026 uliangukia 17 Februari. Ombi lililotumwa siku hizo linazikwa chini ya barua nyingine.

Tufanye mfano wetu. Unataka kuzungumza na Bi Lan kuhusu ratiba ya kupakia mzigo kwenye bandari ya Mtwara. Kichwa cha barua kitaje shughuli na wiki, si neno "Mkutano" peke yake. Halafu jina, sentensi ya salamu, sentensi ya wewe ni nani na nani amekuelekeza, kisha ombi: mazungumzo ya dakika 30 juu ya ratiba ya upakiaji. Chini yake weka nafasi mbili, siku na mwezi kwa maneno, kwa sababu 05/11 kwa mwingine ni Mei:

```
Dear Ms. Lan,

Tue 17 November 2026, 14:00 Ho Chi Minh City / 10:00 Mtwara
Wed 18 November 2026, 15:00 Ho Chi Minh City / 11:00 Mtwara
```

Nafasi mbili zinatosha. Ukimpa moja, akikosa nafasi atalazimika kukukatalia moja kwa moja, jambo ambalo wengi hawalipendi, na huenda akanyamaza. Ukimpa sita, anaona kazi ya kuchagua na kuiacha hadi kesho. Ongeza sentensi ya kumwachia mlango: kama siku hizo hazimfai, apendekeze nyingine. Mwaliko wa kalenda usiutume pamoja na barua hii. Subiri akubali, maana mwaliko unaotangulia jibu unaonekana kama umeshaamua kwa niaba yake.

Kwenye saini, msaidie naye. Majina yetu ya Kimakonde, Kimwera na Kiyao hayamwambii chochote kuhusu jinsia, wala hajui lipi ni lako na lipi la babu. Weka Mr. au Ms. kabla ya jina, kisha cheo, ofisi na namba ya simu inayoanza na +255. Akikujibu kwa "Mr." na jina lako la kwanza, usidhani amekushusha. Amekuheshimu kwa kanuni ya kwao.

Haya yote usiyahamishe mzimamzima kwa mnunuzi wa Ujerumani. Kule ni jina la ukoo, na kama ana Dr. basi Dr. ibaki mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Salamu ya afya unaweza kuiruka kabisa. Saa zao pia hubadilika: Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti yetu inatoka saa moja kuwa saa mbili, wakati minada yetu ndiyo inaanza.

Jibu likija, lisome polepole. "Noted" au "Yes, thank you" mara nyingi ina maana kwamba barua imefika, wala haijathibitisha kikao. Kikao kimekubaliwa pale anapotaja siku na saa mwenyewe. Asipotaja, jibu siku hiyo hiyo kwa sentensi moja ukirudia nafasi uliyodhani ameichagua na kumwomba athibitishe. Akisema atawasiliana na mkurugenzi wake, mwache siku mbili za kazi kabla ya kumkumbusha, na ukumbusho uandike kwenye barua ile ile ili naye aone mlipofikia. Tazama pia alivyotia saini. Akiandika "Lan" peke yake, bado endelea na Ms. Lan hadi mtakapozungumza, kisha umfuate anavyojitambulisha kwa sauti yake.