"Natanguliza shukrani": mgeni amekwazwa na nini?

*Shikamoo mwalimu. Naendesha nyumba ya wageni Shela, Lamu. Nilimwandikia kwa Kiingereza mgeni aliyekwisha kurudi kwao, nikamwomba picha alizopiga za milango yetu, nikamalizia kwa tafsiri ya "natanguliza shukrani". Akajibu: "Bado sijakubali." Nimekosea wapi? Barua nimeiambatisha.*

Marahaba, mwanangu. Kiingereza chako ni safi. Kilichomkwaza ni wakati wa shukrani. Ukimshukuru mtu kwa picha ambazo hajatuma, umeshahesabu kuwa atatuma. Akitaka kukataa, inambidi kwanza akurudishie shukrani yako. Wapo pia wanaosikia kwamba umeshukuru sasa ili usisumbuke kushukuru baadaye.

Kwetu maneno hayo hayachomi, kwa kuwa barua za Kiswahili zimeyazoea. Hata Kiitaliano, ambacho hapa Malindi tunakisikia kila siku, hufunga barua rasmi kwa shukrani ya mapema bila mtu kuudhika. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson walieleza kwamba kila mtu ana haja mbili: kupendwa, na kuachiwa nafasi asishurutishwe. Katika kuomba, Kiingereza huilinda sana hiyo ya pili. Wewe wa Lamu utanielewa nikisema hivi: ombi la Kiingereza hukaa dakani likangoja "karibu", na lako lilikuwa limeshaingia ndani.

Uliandika: "Naomba unitumie picha zote za milango kufikia tarehe 20. Natanguliza shukrani." Mimi ningeandika kwa Kiingereza chenye maana hii:

"Tunaandaa kijitabu cha milango yetu. Kama bado unazo zile picha, ningefurahi sana kama ungenitumia mbili tatu. Kijitabu kitakwenda kwa mpiga chapa tarehe 20. Ikiwa huna nafasi, hakuna neno. Asante kwa kuisoma barua hii."

Tazama kazi ya *-nge-*: inaliweka tendo mbali kidogo, liwe jambo linalowezekana tu. Kiingereza kina vitenzi vyake vya kufanya hivyo, vitumie. Tarehe imebaki, lakini sasa ni ya mpiga chapa, si amri yako. Na shukrani ni ya kusoma, jambo ambalo mgeni akifika mstari huo ameshalitenda. Ruhusa ya kukataa iseme mara moja tu. Ukiirudia, ataona picha huzihitaji.

Usiiogope shukrani ya mapema kila mahali. Kwa fundi uliyekwisha kupatana naye bei, au karani unayemkumbusha kazi aliyokubali, haina ubaya, maana "ndiyo" imeshatoka. Kwa huyu mgeni, mwandikie tena, umwambie hukukusudia kumlazimisha, kisha weka ombi jipya. Picha zikifika, mshukuru siku hiyohiyo, na umtajie mlango uliotoka vizuri zaidi.